Makro za Excel: kusevu faili zisipotee, utepe wa njano na mwekundu, na faili lipi uliamini

Ami yangu ananunua samaki hapa Amu, upande wa Langoni, kamba na pweza zaidi, na nguru msimu ukiwa mzuri. Zamani alikuwa anaandika kwenye daftari la kurasa mia mbili ambalo likirowa na maji ya barafu basi hesabu ya wiki imekwenda, af mwaka juzi nkamtengenezea faili la Excel lenye batani moja. Anaandika jina la mvuvi, aina ya samaki na kilo, anabonyeza batani, ile rekodi inajipeleka yenyewe kwenye shiti nyingine na zile seli zinabaki tupu zikingoja mvuvi wa pili. Hiyo batani kazi yake inafanywa na makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya faili ambayo Excel inayafuata yenyewe, na hiyo makro ndo imenifundisha karibu kila kitu nitakachosema hapa, manake imenipigisha mbio kutoka Mkomani mpaka Langoni mara tatu kwa sababu tatu tofauti.

Makro yenyewe ni hii, fupi tu:

```vba
Sub WekaSamaki()
    Dim r As Long
    With Worksheets("Daftari")
        r = .Cells(.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row + 1
        .Cells(r, 1).Value = Date
        .Cells(r, 2).Value = Worksheets("Leo").Range("B2").Value
        .Cells(r, 3).Value = Worksheets("Leo").Range("B3").Value
        .Cells(r, 4).Value = Worksheets("Leo").Range("B4").Value
    End With
    Worksheets("Leo").Range("B2:B4").ClearContents
End Sub
```

Hata kama hujui VBA, lugha ya kuandikia makro za Excel, unaweza kuisoma. Inatafuta mstari wa kwanza mtupu kwenye shiti ya Daftari, inaweka tarehe ya leo, inachukua vitu vitatu kutoka shiti ya Leo, inafuta pale vilipotoka. Haigusi kitu chochote nje ya faili lake. Ikumbuke hiyo, tutairudia mbele. Na ujue kabisa kwamba makro ikishafanya kazi Ctrl+Z haikurudishii kitu, kwa hivo mtu akikosea kilo aende akarekebishe mwenyewe kwenye Daftari.

Mbio za kwanza: batani imekufa

Jumatatu moja ami akanipigia, "Ndoo mwanangu, faili lako limekufa." Kufika nakuta ujumbe huu kwenye skrini kila akibonyeza batani:

```
Cannot run the macro 'Samaki.xlsx!WekaSamaki'. The macro may not be
available in this workbook or all macros may be disabled.
```

Huu ujumbe unachanganya watu kwa sababu unasema mambo mawili kwa pamoja, kwamba makro haipo, au ipo lakini imezuiwa. Ni kama kuambiwa mashua haijafika au imefika lakini imekatazwa kufunga gatini, sasa wewe utajuaje. Njia ya kujua ni kubonyeza Alt+F11. Inafunguka dirisha ya VBA, upande wa kushoto kuna orodha ya mafaili na vilivyo ndani yake. Ukiona Module1 na ukiibonyeza mara mbili ukakuta maandishi yako, basi makro ipo ila imezuiwa. Usipoona Module yoyote basi makro imeshakwenda, hakuna cha kuruhusu hapo, ni kutafuta kopi ya zamani.

Ya ami ilikuwa imekwenda. Na jibu lilikuwa wazi kwenye ule ujumbe wenyewe, angalia tena jina la faili: Samaki.xlsx. Mimi nilimuachia Samaki.xlsm. Kijana anayemsaidia alitaka kopi ya mwezi mpya, akafungua, akabonyeza Save As, akachagua aina ya kwanza aliyoiona, Excel ikamuuliza kitu, akabonyeza Yes.

Kuanzia Excel ya 2007 mafaili yamegawanywa. Faili la .xlsx haliwezi kubeba makro ya VBA, hata moja. Faili la .xlsm ndo la kubeba makro. Af kuna .xls ya zamani ile ya kabla ya 2007, hiyo inabeba makro na wala jina halikwambii kitu, na .xlsb nayo inaweza kubeba. Sasa ukiwa na makro na ukajaribu kusevu kama .xlsx, Excel inakwambia hivi:

```
The following features cannot be saved in macro-free workbooks:
• VB project
To save a file with these features, click No, and then choose a
macro-enabled file type in the File Type list.
To continue saving as a macro-free workbook, click Yes.
```

Watu wengi hapa wanakosea kwa sababu mkono umezoea kubonyeza Yes. Hapa Yes manake ni "sawa, tupa makro zangu". Ubonyeze No, af ndo uchague aina sahihi.

Na ubaya wake zaidi ni kwamba ukibonyeza Yes huoni tofauti yoyote papo hapo. Faili bado liko wazi, makro bado iko kwenye memori ya kompyuta, batani inafanya kazi jioni nzima, unafunga laptopu unakwenda kuswali, asubuhi ukifungua hamna kitu. Ndo maana kijana wa ami aliapa kwamba "jana ilikuwa inafanya", na hakusema uongo. Ila hiyo hiyo ndo nafasi ya kujiokoa: ukigundua umebonyeza Yes na bado hujafunga faili, usilifunge, sevu tena hapo hapo kama .xlsm na makro itakuwemo.

Kusevu vizuri ni hivi. Faili likiwa wazi bonyeza F12, kwenye laptopu nyingine ni Fn na F12 pamoja. Inakuja dirisha ya Save As. Chini ya jina la faili kuna sehemu imeandikwa Save as type, ifungue utafute `Excel Macro-Enabled Workbook (*.xlsm)`, iko karibu na juu. Andika jina, bonyeza Save. Af usiamini macho, funga faili kabisa, lifungue tena, Alt+F11, angalia Module1 ipo. Dakika moja tu hiyo.

Usijaribu njia ya mkato ya kubadilisha jina kwa mkono, yaani kulibonyeza faili la .xlsx batani ya kulia ukaandika .xlsm. Hilo Excel inakataa kulifungua, inakwambia muundo wa faili au mwisho wa jina lake si sahihi. Jina haligeuzi kilichomo ndani. Na kama kompyuta yako haionyeshi miisho ya majina, kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bonyeza View, af Show, af weka tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 hiyo tiki iko pale pale kwenye View. Mimi kompyuta yoyote nikiikalia hicho ndo kitu cha kwanza nafanya, manake bila miisho huwezi kujua kama umeletewa .xlsx au .xls.

Kitu kimoja cha pembeni kwa wanaorekodi makro badala ya kuandika: ukibonyeza Record Macro inakuuliza Store macro in. Ukiacha Personal Macro Workbook makro inakaa kwenye kompyuta yako peke yako, sio kwenye faili, kwa hivo ukimtumia mtu faili hata liwe .xlsm anapata batani isiyo na kitu nyuma yake. Chagua This Workbook.

Mbio za pili: utepe mwekundu

Basi nkatafuta kopi yangu, nkaingiza rekodi mpya, nkalisevu vizuri Samaki.xlsm, nkamtumia ami kwa imeili nikiwa nyumbani. Nusu saa hazijapita simu inalia. "Sasa lina kitu chekundu." Alifungua, juu kabisa palikuwa na utepe wa njano ulioandikwa PROTECTED VIEW na batani ya Enable Editing, akaibonyeza, af ukatokea utepe mwekundu:

```
SECURITY RISK  Microsoft has blocked macros from running because
the source of this file is untrusted.
```

Na pembeni yake hakuna batani ya kuruhusu, ipo Learn More tu. Ami yeye alikuwa amezoea utepe wa njano wa `SECURITY WARNING Macros have been disabled.` wenye batani ya Enable Content, ile anayobonyeza mara moja maisha yakaendelea. Huu wa leo hauna pa kubonyeza, akadhani nimemtumia vairasi.

Hebu tuzitenganishe hizi tepe kwa sababu zinaonekana kama ndugu lakini hazisemi kitu kimoja. PROTECTED VIEW inasema faili limetoka nje kwa hivo nimelifungua kwa kusoma tu. Enable Editing inakuruhusu kuandika, haiendeshi makro. Kisha kuna wa njano wa SECURITY WARNING, unasema kuna makro na nimezizima mpaka wewe useme, na Enable Content ndo kusema. Na mwekundu wa SECURITY RISK unasema kuna makro, na faili hili limetoka intaneti, na mimi sikuachii uamue kwa kubonyeza mara moja. Huu mwekundu ni mpya kidogo, Microsoft walianza kuuleta 2022, kabla ya hapo hata faili la kutoka intaneti lilikuwa linakupa ule wa njano tu. Na walibadilisha kwa sababu watu walikuwa wanabonyeza bila kusoma. Tabia hiyo ni ya zamani sana, vairasi ya Melissa ya Machi 1999 ilikuwa makro ndani ya faili la Word, ukifungua inajituma yenyewe kwa watu 50 wa kwanza kwenye kitabu chako cha anwani cha Outlook.

Sasa Excel inajuaje kwamba faili limetoka intaneti? Windows ndo inayoweka alama. Ukidaunlodi kitu kwa brauza au ukitoa kwenye imeili, Windows inabandika maandishi madogo yaliyofichika pamoja na faili, hayaonekani ukilifungua. Unaweza kuyaona mwenyewe, fungua PowerShell kwenye folda lilipo faili uandike:

```powershell
Get-Content .\Samaki.xlsm -Stream Zone.Identifier
```

Kama alama ipo utaona `ZoneId=3`, na 3 manake intaneti. Kama haipo utapata maandishi mekundu ya kosa kwamba hicho kitu hakikupatikana. Hakuna la zaidi. Excel haikusoma makro yako ikaona ni mbaya, imeona alama ya mlangoni tu, kama askari wa gati anayeangalia umeshuka kwenye boti ipi bila kufungua mkoba wako.

Faili lilikuwa langu, makro niliandika kwa mkono wangu, na nilimwambia ami kwa simu "nakutumia sasa hivi, jina lake Samaki". Kwa hali kama hiyo kuitoa alama ni sawa. Unafunga faili kwanza, unaenda folda lilipo, unabonyeza batani ya kulia, Properties. Kwenye ukurasa wa General chini kabisa kuna Security na maneno kwamba faili limetoka kompyuta nyingine na huenda limezuiwa. Weka tiki kwenye Unblock, bonyeza OK. Ukilifungua tena mwekundu umeondoka, umebaki wa njano wenye Enable Content. Ukibonyeza hiyo Excel inalikumbuka, haikuulizi tena.

Lakini elewa inakumbuka nini. Inakumbuka faili hilo, mahali hapo. Ukilihamisha folda au ukilipa jina jingine inauliza upya, ndo maana ami kila mwezi mpya akitengeneza kopi anaona utepe tena na kudhani kuna kitu kimeharibika. Na upande wa pili, ambao watu hawaujui, ukishaliamini faili halafu mtu akaja akabadilisha makro ndani yake likabaki pale pale, Excel haiulizi tena. Umeliamini, basi. Kwa hivo faili la makro lililoko kwenye kompyuta inayoshikwa na watu wanne, usilichukulie kwamba ni lile lile uliloliacha.

Mbio za tatu, na hii ndo yenyewe

Siku hiyo sikuitwa kwa kitu kuharibika. Nilikuwa nimepita tu kunywa kahawa. Kijana wa ami ameingia na flashi, kuna mteja wa Mombasa ambaye hununua kamba, ametuma oda kwa imeili, kijana ameidaunlodi kwenye saibakafe kwa sababu bando ya ofisini imeisha, na flashi ameileta. Ami akaiweka, akafungua faili, linaitwa Oda_Kamba.xls. Juu kuna utepe wa njano, SECURITY WARNING, Enable Content, sura ile ile anayoijua vizuri. Mshale ulikuwa ushafika kwenye batani.

Nkamwambia ami ngoja kidogo.

Sababu ya kwanza ya kumzuia haikuwa rangi, ilikuwa kile kilichokuwa kwenye shiti. Hapakuwa na oda. Palikuwa na picha kubwa imeandikwa kwa Kiingereza kwamba faili hili limelindwa, ili uone yaliyomo bonyeza Enable Editing kisha Enable Content. Hii kitu ukiiona popote, simama. Excel haifichi namba nyuma ya makro. Namba zilizomo kwenye shiti utaziona hata makro zikiwa zimezimwa zote, mpaka mtu awe amezificha makusudi. Mwenye kukwambia "ruhusu ndo uone" anataka uruhusu, hana cha kukuonyesha. Mafaili ya Emotet, ule mtandao wa vairasi uliosumbua dunia nzima, yalikuja na picha za aina hiyo hiyo.

Ami akauliza swali la maana sana, "Mbona lako lilikuwa jekundu na hili la kweli baya ni la njano?" Na hapo ndo penye siri yote. Ile alama ya Windows inakaa kwenye diski zenye mfumo wa NTFS, ambao ndo uko ndani ya laptopu nyingi za Windows. Flashi nyingi zinakuja na FAT32 au exFAT, na huko alama haina pa kukaa, inadondoka njiani. Faili lilipodaunlodiwa saibakafe lilikuwa na alama, lilipoingia kwenye flashi likaipoteza, likafika ofisini kwa ami kama limezaliwa humo ndani. Hata PROTECTED VIEW haikutokea. Zipu nazo hivyo hivyo, kuna programu za kufungulia zipu ambazo hazirithishi alama kwa mafaili yaliyomo.

Kwa hivo rangi ya utepe inakwambia faili lilipita njia gani kufika kwako. Haikwambii makro inafanya nini. Mwekundu unaweza kuwa faili la ami yako, na wa njano unaweza kuwa sumu iliyokuja kwa flashi. Na sisi visiwani huku, flashi ndo intaneti ya watu wengi.

Basi tukalikagua, na utaratibu nilioutumia ndo natumia mpaka leo.

Kwanza unajiuliza, hii kazi inahitaji makro kweli? Oda ni orodha, aina, kilo, bei, tarehe. Bei za barafu, ankara, barua ya mwaliko, fomu ya kujaza jina, hakuna hata moja inayohitaji makro. Faili la ami linahitaji kwa sababu linahamisha rekodi. Na mteja huyu miezi yote alikuwa anatuma .xlsx au anaandika tu kwenye WhatsApp, leo kwa nini .xls ya mtindo wa kabla ya 2007? Hapa peke yake inatosha mtu kulifuta.

Pili unamuuliza aliyetuma, kwa njia nyingine. Ukijibu ile ile imeili unaweza kuwa unaongea na mwizi mwenyewe. Ami akapiga simu. Yule mteja akasema hajatuma oda wiki hiyo, na tangu juzi watu wanampigia kuuliza imeili gani hizi anatuma. Basi, akaunti yake ilikuwa imeshaingiliwa. Ona hapo kwamba imeili ilitoka kwa mtu tunayemjua kabisa, anwani ni yake, jina ni lake. Kumjua mtu hakutoshi, ulizia na faili lenyewe.

Tatu, kama bado una shaka na unajua kidogo, soma makro bila kuiruhusu. Faili likiwa na utepe wa njano na hujabonyeza kitu, Alt+F11 inafunguka na unaweza kuyasoma maandishi, hayaendi popote. Likiwa kwenye PROTECTED VIEW inabidi Enable Editing kwanza ndo uyaone, na hiyo mimi nafanya tu kwenye laptopu yangu ya zamani isiyo na kitu cha mtu ndani. Usibonyeze mshale wa kijani wa Run wala F5 ukiwa humo, soma tu.

Kwenye lile la oda nilibonyeza ThisWorkbook kwenye ile orodha ya kushoto, nkakuta inaanza na `Workbook_Open`. Hiyo manake inajiendesha yenyewe faili likifunguliwa na makro zikiwa zimeruhusiwa, haingoji batani. Yenyewe sio dhambi, wapo wanaoitumia kwa kazi halali, lakini inakwambia hutapata nafasi ya pili ya kufikiri. Chini yake ilikuwa na `Chr(` nyingi zimeungwaunganishwa, namba tupu, kila namba ni herufi moja, njia ya kuficha neno ili mtu au antivairasi isilisome. Mtu mwenye kazi ya samaki ana sababu gani ya kuficha herufi? Af nkaona `CreateObject`, na `Environ("TEMP")` ambayo ni folda la muda la Windows. Maneno mengine ya kutafuta ni `Shell`, `WScript`, `powershell`, `XMLHTTP` na `URLDownloadToFile`. Yote hayo ni ya kutoka nje ya faili, kuendesha programu nyingine au kuvuta kitu intaneti. Sasa rudi juu usome ile ya ami: `Worksheets`, `Cells`, `Range`, basi. Inazungukia ndani ya nyumba yake. Huo ndo mlinganisho ninaotumia, na hauhitaji uwe fundi.

Ukijaribu kufungua maandishi ukaambiwa uweke paswedi, yaani makro zimefungwa, hiyo haina tafsiri moja. Wapo wanaofunga ili kazi yao isiibiwe. Kwa faili nililonunua kwa mtu ninayemjua na ana simu, nitavumilia. Kwa faili lililokuja lenyewe, silifungui.

Unaweza pia kulibonyeza faili batani ya kulia na kulipima na Microsoft Defender. Likikamatwa, limekamatwa. Lisipokamatwa hujathibitisha kitu, vairasi mpya ya asubuhi haijulikani mpaka jioni.

Na iko njia ya katikati ambayo watu wanaisahau. Faili lina namba unazozihitaji kweli, lakini makro zake huziamini. Usibonyeze Enable Content. Bonyeza F12, chagua .xlsx, na lile swali la Yes na No likija safari hii bonyeza Yes kwa furaha, funga faili. Kile kilichomuangusha kijana wa ami Jumatatu ile ndo dawa hapa, unabaki na namba na makro zimebaki nje.

Kuweka mambo ya ofisini sawa

Ami alikuwa amechoka na tepe, akaniomba nizime maonyo yote. Hiyo ipo, File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Macro Settings, na chaguo la mwisho linaruhusu makro zote. Nlikataa. Lile la oda lingejiendesha pale pale lilipofunguliwa, bila hata utepe wa kukuzuia mkono. Acha kwenye `Disable VBA macros with notification`, ndo ilivyokuja.

Badala yake nlimfanyia folda la kuaminiwa. Nlitengeneza `C:\Samaki\Makro`, af kwenye hiyo hiyo Trust Center nkaingia Trusted Locations, Add new location, nkachagua hilo folda, na ile tiki ya kuamini mafolda yaliyomo ndani yake sikuiweka. Faili likiwa humo linafunguka makro zikifanya kazi, hakuna utepe wa rangi yoyote, na kopi ya mwezi mpya akiiweka humo humo haulizwi. Kosa la kuepuka ni kulifanya folda la Downloads au Desktop kuwa ndo la kuaminiwa, nimekuta hivyo kwa zaidi ya mtu mmoja, hapo umefungua mlango kwa kila kitu kinachodondoka kutoka intaneti.

Sharti tulilowekeana na kijana ni moja, faili haliingii kwenye folda la Makro mpaka mimi au ami tumelikubali, na la mteja yeyote linakaa kwenye folda jingine linaloitwa Wateja ambalo haliaminiwi. Oda_Kamba.xls tuliifuta kwenye flashi, kijana akarudi saibakafe kumwambia mwenye duka aifute na kule ilikodaunlodiwa, na mteja wa Mombasa akatuma oda yake ya kweli siku ya pili, kilo arubaini, kwa ujumbe wa WhatsApp wa mistari miwili.